Mwamba Ngoma na Gitaa la Umeme

Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huivutia kwake. Methali hii yawafaa sana watu waliojiita walinzi wa nyimbo za jadi katika Amerika na Uingereza, ambao katika mwaka wa 1965 na wa 1966 waliwazomea waimbaji walioacha gitaa kavu wakashika gitaa la umeme. Walidai kwamba wanaitetea mali ya watu wa kawaida isiharibiwe na biashara. Walidai kwamba uzi wa chuma uliotiwa umeme si sauti ya watu tena, bali ni sauti ya soko. Dai hilo lilikuwa na uongo ndani yake. Uongo huo haukutungwa kwa makusudi, na wengi walioutamka walikuwa watu wema na wakarimu; lakini uongo wa mtu mwema huishi maisha marefu kuliko uongo wa mtu mbaya, kwa kuwa hakuna auogopaye. Na kwa sababu walioueneza walikuwa watu wa vitabu, wakusanyaji, wahariri na wanafunzi wa vyuo, kosa lao lawahusu watu wa vitabu kuliko watu wengine wote.

Kwanza yafaa yaelezwe yaliyotokea. Katika mji wa Newport, jimbo la Rhode Island, lilianzishwa mwaka wa 1959 tamasha la nyimbo za jadi. Kuanzia mwaka wa 1963 tamasha hilo liliendeshwa kama mfuko wa hisani chini ya halmashauri ya waimbaji wenyewe, na miongoni mwao alikuwako Pete Seeger. Kanuni yake ilikuwa nzuri: kila mwimbaji, awe maarufu au awe mkulima aliyetolewa shambani kwake juzi, alilipwa dola 50 pamoja na chakula na malazi. Mzee Mississippi John Hurt, aliyesahauliwa kwa zaidi ya miaka thelathini, aliimba hapo mwaka wa 1963 na kijana aliyetokea Minnesota, Bob Dylan, akaimba hapo mwaka huohuo. Wote wawili walikuwa na gitaa kavu, na wote wawili walipendwa.

Usiku wa Jumapili, tarehe 25 Julai 1965, Dylan, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 24, alipanda jukwaani na gitaa la umeme. Nyuma yake walikuwako Mike Bloomfield na gitaa jingine la umeme, Al Kooper na Barry Goldberg kwenye vinanda, Jerome Arnold na gitaa la besi, na Sam Lay kwenye ngoma. Walikuwa wamefanya mazoezi usiku mmoja tu. Walipiga nyimbo tatu, mmojawapo ukiwa "Like a Rolling Stone", ambao santuri yake ilikuwa imetoka madukani siku chache kabla. Kisha wakashuka. Uwanja ulijaa makelele. Wengine walishangilia, wengine walizomea, wengine walipiga kelele kudai nyimbo zaidi. Peter Yarrow, aliyekuwa msimamizi wa jukwaa usiku ule, alimsihi Dylan arudi. Naye akarudi peke yake na gitaa kavu, akaimba nyimbo mbili, akaenda zake.

Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi hata imekuwa kama ngano. Katika ngano hiyo Seeger alishika shoka ili akate waya wa umeme. Yeye mwenyewe alieleza mara nyingi baadaye kwamba alisema tu kuwa laiti angekuwa na shoka angeukata, na kwamba hasira yake haikuwa juu ya gitaa la umeme, bali juu ya sauti mbovu iliyoyameza maneno ya wimbo. Ngano yapenda shoka. Lakini ukweli ni mdogo kuliko shoka na wafundisha zaidi. Maana ukiwauliza waliokuwako kwa nini walikasirika, hawajibu jibu moja. Wajibu majibu matatu, na majibu hayo hayapatani.

Jibu la kwanza ni la masikio: maneno hayakusikika. Jibu la pili ni la siasa: mwimbaji ameacha kuimba kwa ajili ya haki za watu. Jibu la tatu ni la asili: gitaa la umeme si chombo cha nyimbo za jadi. Walinzi wa usafi waliyafunga majibu haya matatu katika fungu moja, wakaliita fungu hilo usaliti. Kazi ya mtu mwenye haki ni kulifungua fungu, na kuupima kila ukuti peke yake.

Jibu la masikio ndilo la kweli kuliko yote, na ndilo lililotumiwa vibaya kuliko yote. Mitambo ya sauti ya Newport ilikuwa imepangwa kwa ajili ya sauti za watu na vyombo vya mbao. Mwimbaji husimama mbele ya maikrofoni mbili, moja ya mdomo na moja ya gitaa, na fundi huzipatanisha kwa utulivu. Bendi ya umeme haitii mpango huo. Kila gitaa lina amplifaya yake jukwaani, na mpigaji mwenyewe ndiye aamuaye ukubwa wa sauti. Mwimbaji hana amplifaya kooni. Sauti yake yategemea mitambo ya fundi, na fundi akiizidisha kupita kiasi maikrofoni huanza kupiga ukelele, kwa kuwa husikia sauti iliyotoka kwenye kipaza sauti na kuirudisha tena. Kwa hiyo aliyekaa karibu na jukwaa usiku ule aliyasikia magitaa moja kwa moja kutoka kwenye amplifaya, na sauti ya Dylan ikawa imefunikwa. Aliyekaa mbali alisikia kutoka kwenye vipaza sauti vya uwanja, na huenda alisikia vizuri zaidi. Santuri zilizotolewa miaka mingi baadaye, zilizonaswa kutoka kwenye mitambo, zina maneno yanayosikika wazi. Ndiyo maana mashahidi wawili wa kweli waweza kupingana bila yeyote kusema uongo.

Haya ni makosa ya fundi, na dawa yake ni ya fundi: punguza gitaa, inua sauti, fanyeni mazoezi siku mbili badala ya usiku mmoja. Hakuna mtu mwenye akili amwitaye jirani yake msaliti kwa sababu taa yake yatoa moshi. Humwambia apunguze utambi. Walinzi wa usafi walikuwa na haki ya kulalamika juu ya utambi. Wao wakalishitaki jua.

Yafaa pia kukumbusha kitu kilichosahauliwa katika makelele yote. Gitaa kavu la Newport halikuwa bila umeme. Hakuna gitaa la mbao liwezalo kusikiwa na maelfu ya watu katika uwanja wa wazi. Ndani ya maikrofoni kuna ngozi nyembamba. Hewa iliyotikiswa na gitaa huitikisa ngozi hiyo, na mtikisiko hugeuka umeme. Katika gitaa la umeme, chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi ukitikisika karibu na sumaku, umeme hafifu huzaliwa ndani ya waya. Baada ya hapo njia ni ileile moja: umeme huenda kwenye amplifaya, amplifaya huukuza, kipaza sauti huugeuza tena kuwa hewa. Tofauti iko mahali ambapo sauti hugeuzwa umeme, kwenye uzi au kwenye hewa. Ni kweli kwamba tofauti hiyo ina matunda yake: sauti ya gitaa la umeme hukaa muda mrefu zaidi, na amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake huikwaruza sauti kwa namna ambayo mbao haiwezi. Mtu aweza kuupenda mkwaruzo huo au kuuchukia. Lakini hawezi kusema kwamba upande mmoja kuna umeme na upande wa pili kuna asili.

Jibu la pili ni la siasa, nalo lina uzito. Mwaka wa 1963 Dylan aliimba huko Greenwood, Mississippi, mbele ya watu waliokuwa wakiandikisha wapiga kura Weusi, na tarehe 28 Agosti mwaka huo aliimba katika maandamano makubwa ya Washington. Watu waliziimba nyimbo zake. Kisha nyimbo zake zikaanza kugeuka. Zikawa nyimbo za moyo, za ndoto na za mafumbo. Kwa watu waliokuwa katika vita vya haki hilo halikuwa jambo dogo. Jeshi lililompoteza mpiga tarumbeta wake lina haki ya kusikitika.

Lakini na itazamwe tarehe. Irwin Silber, mhariri wa gazeti la Sing Out!, alimwandikia Dylan barua ya wazi ya kumlaumu kwamba amejifungia ndani ya nafsi yake na kuwasahau wasikilizaji wake. Barua hiyo ilichapishwa mwezi wa Novemba 1964. Aliyoyalaumu Silber aliyasikia Newport katika mwaka wa 1964, na katika mwaka huo Dylan alisimama peke yake na gitaa kavu! Miezi minane kabla ya waya kuunganishwa katika jukwaa la Newport, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa. Kwa hiyo kosa aliloliona Silber halikuwa la chombo. Lilikuwa la maneno. Silber alikuwa mwaminifu, kwa kuwa alisema waziwazi alichokichukia. Waliokuja baadaye wakaivika lawama ya maneno nguo ya umeme, kwa sababu ni rahisi kuzomea amplifaya kuliko kujadiliana na shairi.

Na ushahidi wa upande wa pili ulipatikana Uingereza. Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, Dylan aliigawa tamasha yake sehemu mbili, kama alivyofanya katika safari ile yote. Katika sehemu ya kwanza alikuwa peke yake na gitaa kavu na harmonika. Nyimbo alizoimba hazikuwa za maandamano. Zilikuwa ndefu, zenye mafumbo, za namna ileile iliyomchukiza Silber. Ukumbi ulitulia, ukasikiliza, ukapiga makofi. Katika sehemu ya pili waliingia Robbie Robertson, Rick Danko, Richard Manuel, Garth Hudson na mpiga ngoma Mickey Jones, na kelele za hasira zikaanza. Karibu na mwisho mtu mmoja alipaza sauti akamwita mwimbaji Yuda.

Msomaji na ayapime haya mawili. Kama kosa lilikuwa la maneno, basi watu wa Manchester wangezomea sehemu ya kwanza. Kama kosa lilikuwa la chombo, basi Silber hangekuwa na la kuandika mwaka wa 1964. Mshitakiwa mmoja hawezi kuhukumiwa kwa mashitaka mawili ambayo kila moja lamtoa katika jingine. Na jina la Yuda latoboa siri. Yuda hakuwa mwimbaji mbaya. Yuda alikuwa mwanafunzi aliyemwuza mwalimu wake. Anayemwita mwingine Yuda asema kwamba kuna dini, kuna kundi la waumini, na kuna aliyechukua fedha. Vipi nyimbo za watu zilifika kuwa dini yenye makuhani? Swali hili latufikisha kwenye jibu la tatu, ambalo ndilo kiini cha ugomvi.

Jibu la tatu lasema kuwa umeme si asili. Hapa hakuna hoja iwezayo kujibu vizuri kuliko maisha ya mtu mmoja, naye ni McKinley Morganfield, ajulikanaye kwa jina la Muddy Waters.

Mwezi wa Agosti 1941 mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax, pamoja na John Work, profesa wa Chuo Kikuu cha Fisk, walifika katika shamba la Stovall karibu na Clarksdale, Mississippi. Huko walimkuta Morganfield, dereva wa trekta aliyepiga gitaa kavu, wakamnasa kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Amerika. Santuri zile ni hazina, na Lomax na Work wastahili shukrani kwa kuzifanya. Lakini Morganfield hakubaki Stovall ili awe hazina ya mtu. Mwaka wa 1943 alipanda garimoshi kwenda Chicago, kama walivyofanya maelfu ya watu Weusi waliokimbia mishahara duni na ukatili wa Kusini. Mchana alifanya kazi, usiku alipiga gitaa katika vilabu vya pombe. Katika vilabu vile watu walizungumza, walicheka, waligonga chupa; gitaa kavu halikusikika. Muda si mrefu alipata gitaa la umeme. Mwaka wa 1948 santuri yake ya bluzi, iliyopigwa kwa gitaa hilo, iligombewa na watu Weusi wa Chicago hata toleo la kwanza likaisha mara moja. Wimbo ulikuwa uleule wa Mississippi, kwa lafudhi ileile na mtelezo uleule wa uzi. Umeme ulitiwa na nani? Si mfanyabiashara, wala si redio. Ulitiwa na kelele za wasikilizaji wake mwenyewe, watu wa kawaida kabisa, katika chumba chao cha kawaida.

Sasa itazamwe safari ya pili ya gitaa lile. Mwaka wa 1958 Muddy Waters alikwenda Uingereza na gitaa la umeme. Baadhi ya wapenzi wa bluzi huko walishituka. Walitazamia mzee wa shambani, wakapata mtu wa mjini mwenye sauti kubwa. Miaka michache baadaye alirudi na gitaa kavu ili awaridhishe, akakuta kwamba wasikilizaji wamebadilika na sasa wataka umeme. Na mwaka wa 1964 kampuni ya Chess ya Chicago ilitoa santuri yake kubwa iliyoitwa "Folk Singer", yaani mwimbaji wa jadi, ambamo alipiga gitaa kavu. Santuri hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya vilabu vya Chicago. Ilitengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wapya, wanafunzi na wapenzi wa jadi waliokuwa na fedha za kununua santuri kubwa. Basi nani aliyekuwa mtumwa wa soko? Katika kisa hiki umeme ulitoka kwa watu, na gitaa kavu lilitoka sokoni!

Wala yeye hakuwa peke yake. Big Bill Broonzy alipiga na bendi zenye ngoma huko Chicago kabla ya vita. Wasikilizaji wa Ulaya wa miaka ya 1950 walimtaka awe mkulima mwenye gitaa moja, naye akawa hivyo jukwaani, kwa kuwa mtu lazima ale. John Lee Hooker alijulikana mwaka wa 1948 kwa gitaa la umeme mjini Detroit. Mwaka wa 1959 kampuni nyingine ilimtoa kwa gitaa kavu na kuita santuri yake bluzi za mashambani. Walinzi wa usafi waliwaambia watu hawa: sisi tunawajua ninyi kuliko mnavyojijua. Na kwa kuwa walinzi ndio waliokuwa na jukwaa, gazeti na mkoba, watu hawa waliitikia.

Kisha usiku wa Newport warudi mbele ya macho kwa sura nyingine. Jerome Arnold na Sam Lay, waliopiga besi na ngoma nyuma ya Dylan, walikuwa wanaume Weusi waliotoka katika bendi ya Howlin' Wolf, mmoja wa wakubwa wa bluzi ya Chicago. Walichokipiga usiku ule ndicho watu wao walichokuwa wakikipiga kila Jumamosi kwa miaka ishirini. Na mbele yao waliketi maelfu ya vijana, wengi wao Wazungu na wanafunzi wa vyuo, na baadhi yao wakazomea kwamba hiyo si sauti ya watu. Katika ngano zote za usiku ule, hili ndilo lisilosimuliwa sana.

Lomax mwenyewe aonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu. Mwishoni mwa wiki ileile ya Newport alikaribisha jukwaani bendi ya Paul Butterfield, ambamo Arnold, Lay na Bloomfield walipiga, kwa maneno ya dharau juu ya vyombo vyao vingi. Na Albert Grossman, meneja wa Dylan, akamkabili, wakashikana na kubingirishana mavumbini, watu wazima wawili wenye heshima zao. Hata hivyo Lomax huyu ndiye aliyemleta Muddy Waters na umeme wake katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York mwaka wa 1959, pamoja na vijana wa nyimbo za mjini, akiwataka wasomi wazisikilize bila dharau. Kwa hiyo hakuuchukia umeme. Alichokichukia ni kwamba vijana wa mjini waliushika bila idhini. Alikuwa tayari kuufungua mlango. Hakuwa tayari kuukuta umekwisha kufunguliwa.

Ewan MacColl wa Uingereza alikuwa mkali zaidi. Mwezi wa Septemba 1965 aliandika katika Sing Out! kwamba nyimbo za Dylan hazina thamani ya jadi. Katika klabu yake huko London mwimbaji alitakiwa aimbe nyimbo za taifa lake na lugha yake tu. Kanuni hiyo ilikuwa na faida. Iliwalazimisha vijana wa Kiingereza waache kuiga Wamarekani na kuzitafuta nyimbo za babu zao, na wengi walizipata. Lakini MacColl alizaliwa Salford, Uingereza, mwaka wa 1915 kwa jina la James Miller, wa wazazi Waskoti. Jina la Ewan MacColl alijipa mwenyewe. Hakuna aibu katika hilo. Mwimbaji ana haki ya kujiumba. Aibu ni kuitumia haki hiyo mwenyewe, kisha kumnyima kijana wa Minnesota, ambaye alipokuwa shuleni Hibbing alipiga nyimbo za Little Richard kabla ya kulijua jina la Woody Guthrie. Kwa Dylan, umeme ndio uliokuwa utoto. Gitaa kavu ndilo lililokuwa safari.

Na kazi njema kuliko zote za MacColl, ile michezo ya redio aliyoitunga pamoja na Peggy Seeger na Charles Parker kwa ajili ya BBC kuanzia mwaka wa 1958, ilitegemea nini? Ilitegemea mashine ya kunasa sauti kwa utepe, iliyopelekwa kwa wafanyakazi wa reli na wavuvi ili sauti zao halisi zichanganywe na nyimbo. Lomax naye alifika Stovall na mashine ya kukata santuri. Umeme uliingia katika nyimbo za jadi ukiwa mikononi mwa mkusanyaji, muda mrefu kabla ya kuingia mikononi mwa mwimbaji. Mkusanyaji aliuona kuwa mtakatifu ulipokuwa sikio lake. Akauona kuwa najisi ulipokuwa ulimi wa mwingine.

Haki yataka lisemwe jambo moja kwa ajili ya walioshindwa. Kulikuwa na kitu kilichopotea. Seeger alikuwa na kipaji cha kuwafanya watu elfu waimbe pamoja. Aliwapa mstari, wakaurudisha, na kila mmoja aliisikia sauti yake ndani ya sauti ya wote. Mwaka wa 1963 usiku mmoja wa tamasha la Newport ulimalizika hivyo, waimbaji wakiwa wameshikana mikono jukwaani. Mbele ya amplifaya kubwa hakuna asikiaye sauti ya jirani yake, wala yake mwenyewe. Msikilizaji hubaki msikilizaji. Hiyo ni hasara ya kweli. Ni hasara ya ukubwa wa sauti na ya desturi ya kuitikia, na mtu aliyetaka kuitetea desturi hiyo angeweza kuitetea kwa jina lake. Hakulazimika kuzua asili isiyokuwapo, wala kumwita mtu Yuda.

Zomeo lilikuwa na gharama yake. Levon Helm, mpiga ngoma wa kwanza wa bendi iliyomfuata Dylan baada ya Newport, alichoka kuzomewa akaondoka kabla ya mwaka wa 1965 kwisha. Dylan naye, baada ya safari ya 1966, alikaa karibu miaka minane bila kufanya safari nyingine kama ile. Sauti ya usiku wa Manchester iliuzwa kwa siri kwa miaka mingi, ikiandikwa jina la ukumbi mwingine, hata ilipotolewa rasmi mwaka wa 1998. Leo wanaoisikiliza husikia bendi iliyo katika ubora wake, na husikia vilevile ukumbi uliojaa watu walioipenda mali ya wengine kuliko walivyowapenda wenye mali.

Kuna namna mbili za kuupenda wimbo wa watu. Ya kwanza ni kuuandika, kuuhifadhi na kuuacha uende utakako. Ya pili ni kuuandika, kuuhifadhi na kumkaripia mwenyewe akirudi nao umebadilika. Ngoma iliyowambwa Mississippi ilivutwa Chicago na wenyewe, kwa mahitaji yao, na ngozi ikatoa sauti mpya. Walinzi wa usafi walikuja na mkono wao, wakavuta kwao, kisha wakashangaa ngozi inapasuka. Haikupasuliwa na umeme.